Ukiitwa ghafla useme machache: li, na, ta

Mara ya kwanza kuitwa bila taarifa ilikuwa kwenye kuagwa kwa msimamizi wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa nimekaa nyuma, sahani mapajani, nikasikia mshereheshaji akisema, "Sasa tumsikie mmoja wa vijana wake." Nilianzia siku nilipopeleka barua ya maombi ya kazi. Nikaenda kwenye usaili, nikaeleza foleni ilivyokuwa, nikafika siku ya kuripoti, nikamtaja hadi mlinzi wa getini. Dakika kama saba hivi zikapita, na msimamizi mwenyewe alikuwa bado hajatokea kwenye hadithi. Mshereheshaji akaja kusimama karibu yangu, nikajua maana yake, nikasema "kwa hayo machache" na kurudi kukaa. Anayeagwa sikumwambia hata neno moja.

Nyie mnaoanza kazi sasa mtaitwa hivyohivyo, na mara nyingi kwa sababu tu ni wageni na watu wanataka kusikia sauti zenu. Mbinu ninayoitumia tangu wakati ule ni ya jana, leo na kesho. Wengi wameisikia, lakini wanaitumia kwa mpangilio unaowaangusha. Kiswahili kimetupa njia rahisi ya kuikumbuka, kwa sababu nyakati zenyewe ziko ndani ya kitenzi: *li*, *na*, *ta*. Nilifanya, ninafanya, nitafanya. Ukisahau kila kitu ukiwa mbele, hizo silabi tatu hazipotei.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba unasema kwa mpangilio wa li, na, ta, lakini unafikiri kwa mpangilio mwingine: ta, li, na. Jina lako likitajwa, una muda wa kuweka kikombe chini, kusukuma kiti na kutembea hadi mbele. Hizo ni sekunde kumi hivi, na watu hawazihesabu kama ukimya. Zitumie kutafuta sentensi moja tu, ile ya mwisho yenye *ta*. Kinachotutesa wengi ni kutokujua pa kuishia zaidi ya kutokujua pa kuanzia. Mtu asiyejua anakwenda wapi huzungukazunguka, halafu huongeza "na jambo lingine" mpaka watu waanze kuangalia simu. Ukiwa na sentensi ya kufungia mfukoni, hata ukiteleza katikati unajua pa kurukia.

Baada ya hapo tafuta *li*, na hapa pana kosa kubwa. *Li* si historia. Ni tukio moja lenye mahali na kitu cha kushika, mfano mlango, daftari, ngazi, simu iliyopigwa usiku. Ukisema "alikuwa mchapakazi na mpenda watu", hayo yamekwisha kusemwa na watatu waliokutangulia. *Na* usihangaike nayo kabisa, utaikuta hukohuko mbele. Inua macho utazame chumba.

Nichukue mfano niliousema mwenyewe miaka kadhaa baadaye, tulipokuwa tunamuaga mzee aliyekuwa mtunza stoo. Niliitwa vilevile ghafla. Nikiwa natembea nilijiuliza: akiondoka, mimi nitafanya nini tofauti? Jibu lilikuja kabla sijafika mbele, kwamba atakuja mtu mwingine na mimi ndiye nitakayemwonesha mahali daftari linakaa. Hapo nikawa nimeshapata mwisho, na daftari lenyewe likanikumbusha tukio. Nilisema hivi:

"Wiki yangu ya kwanza hapa nilichukua boksi tatu za karatasi stoo bila kusaini. Jioni Mzee alinifuata mezani. Hakunifokea. Akaweka daftari mbele yangu, akanipa kalamu, akasimama pale mpaka niliposaini. Leo hii nikichukua hata betri moja, mkono unatafuta daftari wenyewe. Na naona kadi yake ya kuagwa pale mezani tumeisaini kwa mistari iliyonyooka, mmoja chini ya mwingine, kama daftari la stoo. Jumatatu atakuja mtu mwingine kwenye ule mlango. Nitampeleka mimi mwenyewe nimwoneshe daftari linakaa wapi. Mzee, asante."

Haikufika dakika moja. Kadi sikuwa nimeipanga, niliiona nilipofika mbele, na ndiyo iliyowachekesha watu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameisaini na hakuna aliyeigundua ile mistari. Hiyo ndiyo kazi ya *na*: inawaonesha wasikilizaji kwamba unaongea nao, hukuja na maneno ya kukariri.

Rudi uhesabu *ka* kwenye ile hotuba: akaweka, akanipa, akasimama. Ni tatu. *Ka* ndiyo inayosukuma hadithi mbele, ni tamu mdomoni na ndiyo mtego wenyewe. Ukijisikia unasema nikaenda, nikamkuta, akaniambia, nikamjibu, tukatoka, ujue jana imekumeza. Mimi nimejiwekea kipimo: *ka* ya nne ikitoka, sentensi inayofuata naianza na "leo". Hata kama hadithi haijaisha. Watu hawajui ulichoacha.

*Ta* nayo ina hatari yake, hasa kwa mgeni. Ukiwa mbele na watu wanapiga makofi, unaweza kuahidi kwa niaba ya idara nzima: tutafanya, tutaleta, tutahakikisha. Kesho yake bosi wako anakuuliza umeyatoa wapi. Tumia *nita*, usitumie *tuta*, na iwe jambo dogo ambalo hata usipokumbushwa utalifanya.

Mtaniuliza: mimi nina wiki mbili tu hapa, jana nitaitoa wapi? Jana yako ni siku ile uliyofika. Ulidhani nini kikawa sivyo? Nani alikuelekeza chumba, ukaingia kisicho chako? Mgeni mmoja kwenye kikao chetu aliambiwa ghafla ajitambulishe na "aongeze neno". Akasema siku ya kwanza aliandika majina ya watu wote kwenye karatasi na kuchora meza zao, sasa hivi karatasi haiangalii tena isipokuwa kwa watu wawili ambao bado anawachanganya, na kabla wiki haijaisha atakuwa amewatenganisha. Akakaa. Chumba kizima kikaanza kuulizana hao wawili ni nani.

Utangulizi mrefu ukatae. Kama wakubwa wameshatajwa, "itifaki imezingatiwa" inatosha. Na usiseme hukujiandaa, kila mtu amekuona ukishtuka. Vilevile "kwa hayo machache" iseme tu kama unakaa kweli. Tunawajua wanaoisema halafu wakaendelea dakika kumi.

Kuna mahali mbinu hii haifai. Ukiulizwa kikaoni kwa nini mzigo umechelewa, usianze na jana. Toa jibu kwanza, umechelewa siku mbili na utafika lini, kisha eleza sababu ukiulizwa. Anayetaka tarehe akipewa hadithi anadhani unakwepa, na mara nyingi hakosei. Msibani nako, *li* na *na* zinatosha. Wafiwa wamekaa mbele yako, na kesho yao hakuna mgeni anayeweza kuisemea. Taja tukio moja la marehemu, sema uko pamoja nao, kisha wapishe wengine.