Maswali na majibu: multimetri inasema 180, onduleri inatoa 230

Mwalimu, tukitafuta volti halisi za umeme wa nyumbani, kwa nini tunapiga mraba kwanza? Wastani wa kawaida hautoshi? (Mwanafunzi wa umeme, Goma)

Mdogo wangu, volti za nyumbani ni chanya nusu ya kipindi na hasi nusu nyingine, kwa hiyo wastani wake ni sifuri. Lakini pasi inapata moto katika nusu zote mbili, maana nguvu inayogeuka joto ni v²/R, na mraba hauna hasi. Ndiyo sababu tunaintegrisha v² kwa kipindi kizima T, tunagawanya kwa T, kisha tunatoa kipeuo cha pili:

V = √((1/T) ∫ v² dt)

Kwa wimbi la sini, wastani wa mraba ni nusu ya mraba wa kilele. Kilele cha volti 325 kinatoa 325/√2, yaani 230. Pasi itapata moto uleule ikipewa volti 230 za mkondo mnyoofu.

Onduleri yangu imeandikwa 230, multimetri inaonyesha 180, ila ampuli inawaka vizuri. Niifungue niirekebishe? (Fundi, Birere)

Usiiguse kwanza, fundi. Onduleri nyingi za bei ndogo hazitoi sini. Zinatoa ngazi: volti zinapanda ghafla, zinatulia, zinarudi sifuri, kisha zinashuka upande wa hasi. Tuseme kilele ni 325 na ngazi zote mbili zinachukua milisekunde 10 kati ya 20 za kipindi. Mraba wa 325 ni 105 625. Integrali hapa ni eneo la mstatili tu: 105 625 × 0,010 = 1 056,25. Gawanya kwa 0,020 upate 52 812,5, na kipeuo chake ni karibu 230. Ampuli yako inasema kweli.

Multimetri ya kawaida haipigi mraba. Inageuza hasi kuwa chanya, inachukua wastani (325 × 0,5 = 162,5), halafu inazidisha kwa 1,11, namba inayofaa sini peke yake. Ndipo inapata 180. Ukipandisha kilele mpaka isome 230, volti halisi zitafika karibu 293, na hapo televisheni ya mteja iko hatarini. Naomba sana mafundi walishike hili. Tafuta kifaa kilichoandikwa `TRUE RMS`. Ukikosa, linganisha mwanga wa ampuli ya nyuzi kwenye onduleri na kwenye umeme wa SNEL.

Naweza kuintegrisha nusu kipindi ili nifupishe hesabu? (Mwanafunzi, Bukavu)

Ndiyo, mradi nusu ya hasi iwe na umbo lilelile la chanya. Ukiweka diodi moja njiani, nusu moja inapotea: nusu kipindi itakupa 230, kumbe kipindi kizima kinatoa 325/2, yaani 162,5.