Nyoosha ukuta kwanza, ndipo uandike

Mama mmoja mwenye duka la nafaka karibu na soko la Kibuye, Kisumu, alitaka kuona jina jipya la duka kwenye picha kabla ya kumwita mchoraji. Uchochoro ni mwembamba, kwa hiyo nilipiga kwa lenzi pana ya milimita 18. Nikafuta jina la zamani, nikaandika jipya kwa mstari ulionyooka. Mama akaitazama akasema, "Mwanangu, haya maandishi yanaelea." Alikuwa sahihi. Katikati herufi zilikaa sawa juu ya mstari wa saruji, lakini mwanzoni na mwishoni mstari ulikuwa umeshuka chini yake.

Nilijaribu kuyapinda maandishi yafuate ukuta. Usifanye hivyo: ukuta haukupinda, lenzi ndiyo iliyoupinda.

Nilirudia kutoka picha ya awali, isiyokatwa. Hili ni muhimu, kwa sababu mpindo wa lenzi huanzia katikati ya fremu. Ukishakata upande mmoja, programu inarekebisha kuzunguka kitovu kisicho chake. Picha ilikuwa pikseli 6000 kwa 4000. Nilichagua mstari wa saruji ulio juu, karibu na ukingo, maana unaopita katikati kabisa haupindi hata lenzi ikiwa mbaya. Nikavuta mstari wa mwongozo: ncha zilikuwa chini ya katikati kwa pikseli 36.

Kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nilifungua `Filters > Distorts > Lens Distortion`, nikapunguza `Main` polepole. Ilipofika `-9`, mstari ulilala juu ya mwongozo. `Edge` niliiacha sifuri. Iguse tu ikiwa katikati pamenyooka na ncha bado zinapinda. Kumbuka kwamba marekebisho haya husukuma kingo nje ya fremu, hivyo unapopiga picha acha nafasi pande zote.

Baada ya hapo ndipo unashika `Perspective`, ukichagua `Corrective`. Mistari iliyonyooka lakini inayokaribiana upande mmoja haitokani na mpindo wa lenzi. Inatokana na kusimama kwa pembe, na ukianza na hiyo utahangaika bure kwa sababu pembe nne za zana hii haziwezi kunyoosha mkunjo.

Kipimo changu cha mwisho ni mawe yenyewe. Ukuta bapa ukishanyooshwa vizuri, mawe ya mashine yenye urefu mmoja yanapaswa kuwa na pikseli zinazokaribiana kushoto, katikati na kulia. Ya pembeni yakiwa mafupi, mpindo bado upo. Yakirefuka upande mmoja tu, ni pembe.

Kisha nilifuta herufi za zamani na kuandika upya. Herufi mpya zilikuwa kali kuliko ukuta, kwani ukuta ulishalainishwa mara mbili na marekebisho, nikazipa `Gaussian Blur` ya 0.7. Mama aliikuza picha kwenye simu, akafuata mstari wa saruji kwa kidole kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akampigia mchoraji.