Kugeuza picha bila kupotosha lebo

“Nimegeuza picha za alama za barabarani kushoto kwenda kulia ili ziongezeke, mbona sasa modeli ninayoifunza kuzitambua inachanganya alama?”

Ndugu, picha ya “pinda kushoto” ikigeuzwa kama kwenye kioo huonyesha “pinda kulia”, ilhali lebo, yaani jina la alama lililoambatanishwa na picha, imebaki ile ile, kwa hiyo modeli inafundishwa kosa. Alama ya usiingie, ile duara jekundu lenye mstari mweupe uliolala, haiathiriki, kwa kuwa pande zake mbili zinafanana. Basi amua kwa kila lebo peke yake, na kwa alama za kupinda, badilisha lebo pamoja na picha, nawe utapata mifano halali ya upande wa pili.

Ukiongeza mifano ya maandishi kwa kuyabadilisha vivyo hivyo, ninachokihofia zaidi ni kufuta maneno kwa bahati nasibu: “huduma si nzuri” ikipoteza “si” inakuwa sifa, nayo bado ina lebo ya lawama. Maneno ya kukanusha yasiguswe kabisa.

Kabla ya kufunza, chukua mifano 100 iliyobadilishwa, ficha lebo zake, kisha umwombe mwenzako aiwekee lebo upya. Lebo ambayo majibu yake hayalingani na ya awali, usiitumie mbinu hiyo ya kubadilisha mifano.