Barua ya kuomba likizo ya hija: je, mwajiriwa anahitaji ruhusa?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mhasibu wa mishahara katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam, nina miaka 41, mke na watoto wanne. Baada ya kuweka akiba muda mrefu nimelipia hija ya 2027. Safari ni tarehe 28 Aprili hadi 25 Mei, lakini likizo yangu ya mwaka imebaki siku 12 tu. Ustadhi mmoja msikitini kwetu anasema hija ni faradhi, kwa hiyo haihitaji ruhusa ya meneja, tena asiye Muislamu. Rafiki yangu ananiambia nitafute ED, cheti cha hospitali cha kupumzishwa kwa ugonjwa. Mke wangu hapati usingizi, anaogopa nitafukuzwa. Mshahara wangu mkononi ni 1,200,000 na nakatwa mkopo 250,000 kila mwezi. Nifanye nini, na nikiandika barua niandikeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nilikuwa na maswali mengine mezani, nimeyaweka kando kwa sababu ya hayo uliyoambiwa msikitini. Si wewe wa kwanza kuambiwa hivyo, na wapo waliorudi kutoka Makka wakakuta nafasi zao zimejazwa.

Andika barua, uombe siku 21 bila malipo juu ya zile 12 zako, na usiondoke mpaka upate jibu la maandishi. Sasa tumrudie ustadhi.

Hoja yake ni ile hadithi mashuhuri kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Hadithi ni sahihi, ila ameiweka pasipo pake. Meneja wako hajakuamrisha unywe pombe wala uache sala. Hajakuamrisha lolote, kwa sababu hata hujamuuliza! Wewe ndiye uliyemuuzia muda wako kwa mkataba, ukapokea thamani yake kila mwisho wa mwezi. Mafakihi wetu humwita mtu kama wewe *ajiir khaas*, mwajiriwa ambaye muda wake wote wa kazi ni haki ya aliyemwajiri. Wamezitoa humo sala za faradhi na sala ya Ijumaa, kwa sababu wakati wake ni mfupi na kila mwajiri anajua tangu mwanzo kwamba Muislamu atasali. Safari ya mwezi mzima haimo katika hilo. Mwenyezi Mungu amesema: "Enyi mlioamini! Timizeni ahadi." Hakusema mtimize mkataba na Muislamu na mwingine mumwache. Hilo neno "asiye Muislamu" limeniudhi kuliko yote. Mtume (s.a.w.) aliwekeana mikataba na Mayahudi na mushrikina, akaitimiza.

Kisha ustadhi amesahau, au amekusudia kusahau, kwamba aya yenyewe ya hija imekuja na sharti: "yule awezaye njia ya kwendea." Kuweza si nauli peke yake. Ni nauli, usalama wa njia, na matumizi ya unaowaacha nyumbani mpaka urudi. Mtu akifukuzwa kazi kwa utoro akiwa na mke, watoto wanne na mkopo, amekwenda kwa njia ipi? Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu, wakisema sisi tunamtegemea Mwenyezi Mungu, wakifika Makka wanaomba watu. Ikateremka: "Na chukueni masurufu." Mawaidha ya "nenda tu, Mungu atajua la kufanya" ndiyo hayo hayo yaliyokemewa.

Zaidi ya hayo, sisi wengi pwani hii ni Mashafi, na msimamo wa madhehebu ni kwamba hija ni wajibu unaoweza kucheleweshwa, kwa sharti la kuazimia kwenda na kutochelea kwamba uwezo utakutoka. Makka ilifunguliwa mwaka wa 8 Hijria, mwaka wa 9 Mtume (s.a.w.) akamtuma Abubakar awaongoze mahujaji, naye mwenyewe akahiji mwaka wa 10. Najua Hanbali na wengi wengineo wanasema ni lazima papo hapo kwa mwenye uwezo, na ni kauli nzito. Lakini hata wao hawahesabu kuwa na uwezo mtu asiye na matumizi ya kuwaachia watu wake.

Na sheria ya nchi nayo uijue, maana ustadhi hatakusindikiza mbele ya wasuluhishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, zikihesabiwa mfululizo pamoja na Jumamosi na Jumapili. Haikupi siku za hija, na likizo bila malipo ni ya makubaliano, mwajiri anaweza kukubali au kukataa. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinaweka kutofika kazini bila ruhusa wala sababu ya msingi kwa zaidi ya siku 5 za kazi miongoni mwa makosa yanayoweza kumwachisha mtu kazi. Wewe ungekosa wiki tatu.

Ukienda hivyo hivyo, hija yako inasihi na faradhi inakutoka, ila unarudi na dhambi ya kuvunja mkataba.

ED ni mbaya zaidi. Siku za ugonjwa zinalipwa, kwa hiyo ukiwa umesimama Arafa, watoto wako wanakula mshahara wa maradhi ambayo hukuugua, kwa cheti ambacho daktari amelipwa au amebembelezwa aandike uongo. Na hebu fikiri: utarudi umenyoa kipara, mtaa mzima umekuja na dufu kukupokea, halafu Jumatatu umwambie meneja ulikuwa umelazwa?

Tuje kwenye barua. Wengi hukataliwa kwa sababu barua zao hazimwambii meneja kitu. Wanaandika kurasa mbili za aya na hadithi, tarehe ni "takriban mwezi mmoja", na mwisho "nitarudi inshaallah". Meneja anataka kujua mambo mawili: lini hasa, na kazi itafanywa na nani. Inshaallah itamke moyoni na mdomoni, lakini kwenye karatasi weka tarehe.

Siku ya Arafa inatarajiwa Jumamosi tarehe 15 Mei 2027, na mwandamo waweza kuisogeza kwa siku moja. Hilo halibadili tarehe za likizo kwenye barua, kwa kuwa tiketi yako ina tarehe zake. Kinachokuhusu ni ndege za mahujaji, ambazo hurudi kwa mafungu na aghalabu huchelewa. Ukiahidi kuripoti kesho yake tarehe 26 ukafika tarehe 28, umeanza kwa kuvunja ahadi. Omba mpaka Jumapili tarehe 30.

Kwa kazi yako, tazama kalenda ya malipo kabla ya kalenda ya ibada. Mishahara ya Aprili uimalize kabla hujaondoka, na kumbuka Jumatatu tarehe 26 ni Muungano. Kodi ya mishahara na tozo ya ufundi stadi zinalipwa TRA kabla au ifikapo tarehe 7 Mei, wewe ukiwa Madina. Mishahara ya Mei itaandaliwa kabla hujaripoti. Mwenzako utakayemtaja, muombe kwanza yeye, usimshtukize kwa kumwandika jina. Na usimwachie neno lako la siri. Ni amana, na kosa likitokea halitajulikana ni la nani. Omba apewe lake.

Barua yenyewe iwe kama hivi, uitoe mwezi Januari:

*Kwa Meneja Rasilimali Watu, kupitia kwa Mhasibu Mkuu.*

*YAH: OMBI LA LIKIZO YA SIKU 33 KWA AJILI YA HIJA*

*Naomba likizo kuanzia Jumatano 28 Aprili hadi Jumapili 30 Mei 2027, ili nikatekeleze ibada ya hija Makka, ambayo hufanyika kwa siku maalumu za mwaka. Siku 12 za mwanzo, 28 Aprili hadi 9 Mei, zitoke katika likizo yangu ya mwaka. Siku 21 zinazofuata, 10 hadi 30 Mei, naomba ziwe bila malipo. Nitaripoti kazini Jumatatu 31 Mei.*

*Mishahara ya Aprili nitaikamilisha kabla ya kuondoka. Mwenzangu wa idara ya uhasibu, ambaye nimezungumza naye na amekubali, atawasilisha makato ya TRA ifikapo 7 Mei na kuandaa mishahara ya Mei, Mhasibu Mkuu akiidhinisha. Mwezi Machi na Aprili ataandaa mishahara pamoja nami ili azoee. Naomba apewe namba yake ya kuingilia kwenye mfumo.*

*Nitapatikana kwa simu kwa jambo la dharura, isipokuwa tarehe 13 hadi 19 Mei. Nimeambatanisha nakala ya ratiba ya safari. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 15 Februari.*

Basi, inatosha. Hizo siku saba ambazo hupatikani ziandike wazi, zimebeba siku za Mina na Arafa pamoja na ile siku ya mwandamo. Sitaki kusikia umekaa kwenye hema unatafuta makato ya mtu. Na kama mwenzako huyo ni Mkristo, naye Desemba akaomba umshikie kazi aende kwao Krismasi, mshikie. Ni kulipa wema, wala hakuna ndani yake kushiriki ibada.

Sasa mke wako, ambaye ndiye mwenye swali zito kuliko letu sote. Siku 21 bila malipo, wakigawa mshahara kwa 30, ni 40,000 mara 21, yaani 840,000. Mshahara wa Mei utabaki 360,000, ukiondoa mkopo zinabaki 110,000 kwa nyumba ya watu watano. Hiyo si kinga ya kuwaacha nayo. Amesema Mtume (s.a.w.) kwamba yamtosha mtu kuwa na dhambi kuwapoteza anaowalisha. Kuanzia sasa tenga hizo 840,000 kwa jina lake, zisiguswe kwa ihramu wala zawadi, na umwonyeshe zilipo. Zisipopatikana, hujaweza bado, hata kama tiketi iko mfukoni. Waulize pia utumishi kuhusu michango ya NSSF na bima ya afya kwa siku zisizo na mshahara, mtoto asije akaumwa kadi imesimamishwa.

Meneja akikataa, zungumza naye kwanza kuhusu siku chache zaidi. Mawakala wengi wana safari fupi, na tofauti ya siku kumi yaweza kumbadilisha. Akishikilia, muombe wakala akuhamishie mwaka unaofuata, uandike ombi jipya mapema, na likizo ya mwaka huo usiiguse. Una miaka 41 na afya, hilo linakutosha mbele ya Mola wako. Angekuwa mzee wa miaka 70 ningesema vingine. Akikataa mwaka hadi mwaka, unaweza kuacha kazi kwa notisi ya siku 28 kama una njia nyingine ya riziki. Kama huna, sikulazimishi.

Na akikujibu kwa mdomo, "wewe nenda tu, hakuna shida", usiondoke. Mpelekee nakala ya barua aandike "nimekubali", jina, saini na tarehe, moja ubaki nayo, nyingine iingie kwenye faili lako utumishi. Mameneja huhamishwa, na anayekuja hajui uliahidiwa nini.

Wallahu aalam.