Hela ya ujenzi inakuja kidogo kidogo: ukuta usiishie kwenye madirisha

"Wakuu, msingi wa vyumba vitatu umeisha ila kifusi bado. Nimebakiwa na milioni moja na nusu, nyingine labda mwezi wa nane. Fundi anasema tupandishe ukuta mpaka usawa wa madirisha kabla ya masika. Nimsikilize?"

Mkuu, usimsikilize kwa hilo. Si lazima awe na nia mbaya, ila yeye analipwa kwa tofali lililojengwa, na sijawahi kukutana na fundi anayelipwa kwa kumwambia tajiri wake asubiri.

Mimi nilijenga Kibaha kuanzia 2016, nyumba ya vyumba viwili na sebule, na ilinichukua miaka sita mpaka kuhamia. Kiwanja kina mteremko, kwa hiyo upande wa chini msingi ulitoka kozi sita za tofali za kulaza, kama mita moja kutoka ardhini. Nilikuwa na hela ya lori za kifusi, nikaona nimwage kabisa ndani. Tukasambaza kwa koleo siku moja, hakuna kushindilia, na mtaro wa nje tukauacha wazi kama ulivyochimbwa. Hela ikaisha, nikarudi mjini.

Mwezi wa nne mvua ikapiga wiki mbili mfululizo. Nilipokwenda kuangalia, mtaro wa nje ulikuwa bwawa, na ndani kifusi kimelewa maji. Kifusi kilicholowa ni kizito, kinasukuma ukuta kwenda nje, na nje hakukuwa na udongo wa kuushikilia. Kwa macho hukuona kitu. Nikachukua kamba nikaivuta kona hadi kona kwa nje, kila kona nikaweka kipande cha mbao cha inchi moja chini ya kamba ili isiguse ukuta. Katikati ikagusa. Maana yake ukuta ulikuwa umetoka tumbo la inchi nzima, na nilipochunguza nikaona ufa mwembamba wa kulala kwenye kiungio, kozi ya tatu kutoka juu. Tulibomoa mita tano, na kifusi cha pale kikatolewa kwa mikono.

Kwa hiyo hela uliyonayo iishie kwenye msingi. Anza na nje: rudisha udongo kwenye mtaro, ushindilie, uache mgongo unaoteremka kwenda mbali na ukuta ili maji yasituame. Ndipo uje ndani, kifusi kwa tabaka la sentimita 15 hivi, nyunyizia maji kidogo, shindilia mpaka kisigino kisizame, halafu tabaka jingine. Zege la jamvi usimwage sasa. Piga msumari kwenye ukuta wa ndani usawa wa kifusi, kisha uache masika ipite juu yake. Kwangu, mara ya pili na kwa kushindilia, kilishuka chini ya msumari karibu nusu inchi. Kule ambako hatukuwa tumeshindilia mwanzoni kilikuwa kimeshuka inchi mbili. Sasa fikiria jamvi lingekuwa juu yake, limebaki linaning'inia. Hapo ndipo ufukara ulinisaidia, mwenye hela angemwaga wiki ileile.

Ikibaki chenji, fyatua tofali. Saruji usinunue ya kuweka akiba, inavuta unyevu hata ndani ya mfuko uliofungwa, na baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake inakuwa imepungua. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo usijengee. Tofali lenyewe haliharibiki kwa kukaa, tena likikaa linakuwa limeshajikunja kadiri linavyojikunja likikauka, na ukuta wake haupati nyufa nyingi. Ila limwagilie siku saba za mwanzo, asubuhi na jioni, na ulifunike na majani au magunia. Jua la mwezi wa pili linalikausha kabla saruji haijashika. Utalijua kwa pembe zake: ukilikwangua kwa ukucha likatoa mchanga, jua lilikuwahi.

Mwezi wa nane ukifika, piga hesabu moja tu: je, hela inafika mpaka kwenye lenta? Kama haifiki, jenga vyumba viwili vifike lenta badala ya vitatu viishie madirishani. Pale utakapokatisha, mwambie fundi aache ukuta umeshuka kwa ngazi, asiukate wima na kuacha meno. Yale meno baadaye hayajazwi vizuri, na ufa utatokea hapohapo. Ukuta ulioishia madirishani una vipande vilivyosimama peke yake kati ya matundu, hakuna kinachovifunga, na upepo wa mvua unavitikisa wakati udongo wa saruji wa kujengea haujakomaa. Lenta ikizunguka nyumba nzima, kuta zinashikana, na boma linaweza kukusubiri.

Linaweza kusubiri, lakini si kichwa wazi. Maji yanayoumiza boma ni yale yanayoingia kwa juu. Tofali la kusimama ubavuni linapigwa na mvua na kukauka, ila ile sehemu ya juu inakaa na maji kama sahani, yanashuka ndani kiungio kwa kiungio, na ukipita mwaka unaona ukoga wa kijani, kisha mche wa mtini umejiotea. Mzizi wake ndio utakaofungua ukuta.

Watu wengi hufunika kwa nailoni na mawe. Nilifanya hivyo, jua likaila kwa miezi michache ikabaki vipande vinavyopepea, na palipobaki nzima palifungia unyevu chini yake. Kilichonisaidia ni kofia ya saruji: mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, unene wa sentimita tatu hivi, mgongo umeinama upande mmoja ili maji yadondoke nje. Kuta zangu zote zilikuwa na urefu wa mita 48, tofali za inchi 6, na kofia nzima ilikula mifuko miwili ya saruji. Bei ya mifuko miwili kwa miaka miwili ya kusubiri! Usisahau chini ya madirisha nako, pale maji hukaa vilevile. Siku ya kuendelea unaigonga kwa nyundo inatoka, unasugua kwa brashi ya waya, unalowesha, unajenga.

Kama umeacha nondo zimechomoza kwa ajili ya nguzo, zipake uji mzito wa saruji na urudie kila ukipita. Kutu ya rangi ya chungwa inayofutika kwa kidole haina shida. Ikianza kutoka magamba, sugua halafu pima unene, maana hapo nondo imeanza kuliwa.

Kupaua nako kuna mtego wake. Mbao na bati viingie siku moja, au visiingie. Jirani yangu alipiga kenchi mwezi wa kumi akisubiri hela ya bati, na alipoipata mwezi wa pili mbao zilikuwa zimejikunja kwa jua na mvua za vuli kiasi kwamba bati halikulala, fundi akawa anazibana kwa misumari huku zinapasuka. Mimi nilisubiri na boma langu lenye kofia miezi kumi zaidi, majirani wakaniita mwenye gofu. Dawa ya mbao ilikuwa bado haijakauka vizuri tulipopiga bati la kwanza, fundi ananung'unika mikono inamchafuka.