Bei ya neno moja

“Mama, kampuni moja hapa Kolwezi inataka niwatafsirie mwongozo wa usalama wa mgodini, maneno 6,000 ya Kifaransa kwenda Kiswahili, kwa senti 5 za dola kwa neno. Nikubali?”

Lubumbashi

Mwanangu,

Usikubali bado. Kwanza uliza wanahesabu maneno ya lugha gani. “Usiiguse” kwetu ni neno moja. Kifaransa chake ni maneno manne. Wakilipa kwa hesabu ya Kiswahili, sarufi yetu yenyewe itakukata mshahara. Idai hesabu ya Kifaransa, ambayo wote mnaiona kabla ya kuanza.

Sasa saa. Kwa maandishi ya mgodini, mimi natafsiri kama maneno 250 kwa saa, kwa hiyo ni saa 24. Kujisomea tena, saa 6. Istilahi, saa 3, wala usizicheke: kuna neno la Kifaransa, “consignation”, ambalo benki ni kuweka amana, na mgodini ni kuzima mtambo na kuufunga kwa kufuli. Ukikosea hapo mtu anapoteza mkono. Barua na fakitire, saa 2. Jumla 35.

Saa ambazo hakuna anayezilipa huja baadaye. Kuna kampuni iliwahi kunirudishia kazi mara tatu. Mara ya kwanza walikuwa na haki, niliruka mstari. Ya pili, bwana mmoja wa ofisini alibadilisha “kofia ngumu” kuwa “kaske”, kisha akairudisha ilivyokuwa. Ya tatu, Kifaransa chenyewe kilikuwa kimebadilika, kurasa nne nzima! Nilifanya bure, kwa sababu sikuwa nimeandika popote marekebisho yanaishia wapi. Wewe weka saa 5, ufikishe 40.

Senti 5 zinakupa dola 300. Uliza kama watakukatia kodi kabla ya kulipa, na kiasi gani. Tuseme ni asilimia 15: zinabaki 255. Toa 15 za mega na mafuta ya jenereta, zinabaki 240. Ni dola 6 kwa saa.

Uliniambia huwezi kushuka chini ya 9. Basi 9 mara 40 ni 360, ongeza zile 15, ni 375. Hapa wengi huongeza asilimia 15 juu na kupata 431. Lakini kodi inakatwa kwenye jumla yote, kwa hiyo utapokea kama 366 tu. Gawanya badala ya kuongeza:

```
375 / 0.85 = 441
441 / 6000 = 0.0735
```

Omba senti 7 na nusu. Wakigoma kwenye 7, wape, ila marekebisho yapungue: duru moja, maoni yote kwa pamoja, ndani ya siku 10. Makosa yako utayasahihisha bure wakati wowote. Kifaransa kikibadilika, hayo ni maneno mapya, kwa bei ileile.

Hayo yaandikwe kwenye barua pepe, na wajibu “ndiyo” kabla hujafungua faili lao.

Mama yako