Foleni inayosomwa usiku, jumbe zinazokufa mchana

Dalili ya kwanza ya foleni inayofuta jumbe kabla hazijasomwa huwa ni malalamiko ya upande mmoja. Walioomba ripoti asubuhi wanasema hawajapata kitu, walioomba jioni wameridhika. Ukifungua logi ya kazi ya usiku unakuta imeanza kwa wakati, imesoma foleni mpaka ikaisha, imemaliza bila kosa. Kila kitu kinaonekana kizima, ila nusu ya maombi haipo, na hakuna mahali palipoandikwa yalikokwenda.

Nimeitwa kuangalia tatizo la namna hii kwenye mifumo tofauti, na chanzo kilikuwa kilekile: ujumbe umepewa muda wa kuishi mfupi kuliko muda unaopita kabla ya kazi ya ratiba kuamka. Ujumbe unaisha, foleni inaufuta, kisha msomaji anafika. Nitaeleza kesi moja ya RabbitMQ, seva ya kupitisha jumbe kwa foleni, kwa sababu ndiko nilikokutana nayo zaidi, na kwa sababu inaonyesha vizuri jinsi ya kulitambua tatizo hili bila kubahatisha.

Foleni iliitwa `ripoti.usiku`. Programu ya mbele ilikuwa ikiweka humo ombi moja kwa kila ripoti, mchana na usiku. Kazi ya ratiba iliamka saa nane usiku (`0 2 * * *`), ikayatoa maombi yote, ikatengeneza ripoti na kuzituma. Muda wa kuisha ulikuwa saa 12, ambazo RabbitMQ huziandika kwa milisekunde: 43200000.

Fuata saa. Ombi lililoingia saa tatu asubuhi linakufa saa tatu usiku, saa tano kabla ya kazi kuamka. Lililoingia saa kumi jioni lingekufa saa kumi alfajiri, kwa hiyo kazi inalikuta hai. Mpaka unakaa saa nane mchana: kila kilichoingia kabla yake kimeondoka, kila kilichoingia baada yake kinasalia. Ndiyo maana malalamiko yalikuwa ya watu wa asubuhi peke yao.

Swali linalofuata ni nani aliweka saa 12 pale. Kwa kawaida hakuna aliyeziweka kwa ajili ya kazi hii. Zamani foleni ilikuwa na msomaji aliyekaa wazi muda wote, na ujumbe uliokaa saa 12 bila kusomwa ulikuwa kweli hauna maana tena. Baadaye mtu akahamishia kazi usiku ili kuipunguzia hifadhidata mzigo wa mchana. Ratiba ikabadilika, muda wa kuisha ukabaki ulivyo. Katika kesi hii muda haukuwa hata kwenye msimbo wa programu. Ulitoka kwenye sera ya seva iliyokuwa inashika kila foleni ambayo jina lake linaanza na `ripoti.`, kwa hiyo aliyesoma msimbo asingeuona kamwe. Anza hapa:

```
rabbitmqctl list_queues name messages arguments effective_policy_definition
rabbitmqctl list_policies
```

Amri ya kwanza inaonyesha kilichowekwa foleni ilipotangazwa (`x-message-ttl` kwenye safu ya `arguments`) na kile kinachotoka kwenye sera (`message-ttl`). Kuna sehemu ya tatu ambayo amri hizi hazionyeshi: mtumaji anaweza kuandika `expiration` kwenye ujumbe wenyewe. Ukiwepo muda wa foleni na muda wa ujumbe kwa pamoja, ulio mdogo ndio unaofanya kazi. Kwa hiyo unaweza kurefusha sera hadi wiki nzima na jumbe zikaendelea kufa baada ya saa 12, kwa sababu mtumaji ndiye aliyeamua. Chukua ujumbe mmoja kwenye ukurasa wa usimamizi, soma sifa zake, ndipo uamini.

Kabla ya kubadilisha chochote, thibitisha kwamba tatizo ni hili na si hitilafu ya mtumaji. Kuna njia mbili ninazozitegemea.

Ya kwanza ni grafu ya idadi ya jumbe kwenye foleni. Foleni isiyo na msomaji haina sababu ya kupungua. Kwenye kesi yetu mstari ulipanda mchana kutwa, kisha kuanzia saa mbili usiku ukaanza kushuka, ingawa msomaji pekee alikuwa angali amelala mpaka saa nane. Zilizokuwa zikitoka wakati huo ni zile za saa mbili asubuhi na kuendelea, saa ambazo maombi ni mengi. Watu wengi hutazama grafu hii wakitafuta foleni iliyojaa kupita kiasi; wachache hushtuka kwa foleni inayopungua.

Ya pili ni kuusogeza mpaka. Panga maombi yaliyofanikiwa kwa saa yalipotumwa, uone yanapoanzia. Kisha siku moja chelewesha kazi kwa saa moja, iamke saa tisa usiku. Kama muda wa kuisha ndio chanzo, mpaka nao utahama kutoka saa nane mchana hadi saa tisa mchana. Hitilafu ya mtumaji haijui kazi yako inaamka saa ngapi, kwa hiyo haiwezi kuhama nayo. Jaribio hili huwa linamaliza ubishi kati ya timu mbili haraka kuliko mkutano wowote. Gharama yake ni kwamba siku hiyo unapoteza maombi ya saa moja zaidi, basi yaandike pembeni kwanza.

Tahadhari kuhusu grafu: inasema kweli muda unapokuwa wa foleni nzima, kwa sababu hapo ujumbe wa zamani zaidi uko mbele na unaondolewa kwa zamu. Muda ukiwa wa kila ujumbe peke yake na zikatofautiana, ujumbe uliokwisha unaweza kukaa nyuma ya ulio hai na kuendelea kuhesabiwa mpaka ufike mbele. Basi saa saba na nusu usiku unaona jumbe 5,000, kazi inaamka, inashughulikia pungufu ya hizo, na unaanza kuishuku kazi bure.

Sasa muda sahihi ni upi? Wengi hujibu kwamba kazi ni ya kila siku, basi tuweke saa 24, au 25 kwa usalama. Hesabu hiyo inadhani kazi haitashindwa hata mara moja. Mimi huhesabu kutoka kwenye hali mbaya inayoweza kutokea kwa kawaida. Kazi ya Ijumaa saa nane usiku imepita salama. Ya Jumamosi imeanguka, ya Jumapili na ya Jumatatu vilevile, na hakuna aliyetazama mpaka watu waliporudi kazini Jumatatu. Tuseme imerekebishwa na kuendeshwa kwa mkono saa sita mchana. Ombi la zamani zaidi liliingia mara tu baada ya kazi ya Ijumaa, kwa hiyo lina saa 82. Kwa ratiba hiyo nisingeweka chini ya saa 96, yaani milisekunde 345600000. Na usidhani kwamba ujumbe uliochukuliwa na kazi kisha ukarudishwa foleni baada ya kazi kuanguka katikati unaanza kuhesabiwa upya. Unarudi na saa yake ileile ya mwanzo, na kama ilikuwa imepita, unafutwa.

Rekebisho lenyewe ni sera ya foleni hii peke yake:

```
rabbitmqctl set_policy ripoti-usiku '^ripoti\.usiku$' \
  '{"message-ttl":345600000,"dead-letter-exchange":"zilizokufa"}' \
  --apply-to queues --priority 10
```

Namba ya kipaumbele ina kazi. Sera za kawaida hazijumlishwi: foleni inashikwa na moja tu, ile yenye kipaumbele kikubwa. Ikiwa sera ya zamani ilikuwa inaweka pia ukomo wa idadi ya jumbe, ukomo huo umeondoka na lazima uuandike upya humu kama bado unauhitaji.

Sehemu ya `dead-letter-exchange` ndiyo ninayoithamini zaidi ya muda wenyewe. Bila hiyo, ujumbe uliokwisha unatupwa kimya. Ukiiweka, ujumbe unapelekwa kwenye foleni nyingine ukiwa na kichwa cha `x-death` kinachotaja foleni ulikotoka, wakati, na sababu, ambayo hapa itakuwa `expired`. Lakini itengeneze kweli. Kama exchange ya `zilizokufa` haipo kwenye seva, au ipo bila foleni iliyoungwa nayo, jumbe zinapotea kimya kama zamani. Na usiipe foleni ya waliokufa jina la `ripoti.waliokufa`, maana ile sera ya zamani ya saa 12 itaishika nayo na jumbe zitafutwa humo baada ya saa 12. Ipe jina lisilofanana, kisha weka kengele ilie mara ujumbe mmoja tu unapoingia. Mmoja unatosha, kwenye mfumo wenye afya foleni hiyo inapaswa kuwa tupu.

Baada ya haya yote, bado nina maoni ambayo si kila mtu anayakubali. Kwa foleni inayosomwa kwa ratiba, afadhali usiweke muda wa kuisha kabisa. Kama kweli ombi la zamani halina maana, mwache msomaji aamue. Mtumaji aandike wakati wa kutuma kwenye sifa ya `timestamp`, kazi iusome, na ikikuta ombi limepitwa iliache huku ikiandika kwenye logi ni lipi na limepitwa kwa kiasi gani. Tofauti ni kwamba kazi inaweza kueleza ilichokitupa na kumjulisha mwenye ombi, foleni haiwezi. Hofu ya kwamba foleni itavimba kazi ikifa ni ya haki, ila dawa yake ni kengele ya idadi ya jumbe. Kuzifuta ni kuficha kwamba kazi imekufa. Na kama ombi ni la kitu kisichoruhusiwa kupotea, liandike kwenye jedwali la hifadhidata likiwa na hali ya kusubiri, kazi isome jedwali, foleni ibaki ya kugonga mlango tu.

Wanaotumia foleni za wingu wasidhani wamepona kwa sababu hawajaweka muda wowote. Amazon SQS hutunza ujumbe siku 4 usipobadilisha, na haivuki siku 14. Azure Queue Storage huanza na siku 7. Kazi ya kila Jumapili juu ya foleni ya SQS yenye mipangilio ya kuanzia itasoma kilichotumwa tangu Jumatano, na cha Jumatatu na Jumanne hakitakuwepo. Huko tazama kipimo cha `ApproximateAgeOfOldestMessage`: kikipanda mpaka kikagota karibu na sekunde 345600 na kubaki hapo, jumbe zinadondoka upande wa pili.

Ukishabadilisha, tuma ombi moja la majaribio dakika chache baada ya kazi kumaliza, kwa kuwa hilo ndilo litakalosubiri muda mrefu kuliko yote, kisha kesho yake asubuhi litafute kwenye logi kwa namba yake.